Hongera ya siku au hongera ya kazi? Mshkaji kaacha sigara, utume meseji ipi

Siku ile nilikuwa na meseji mbili nimeziandika kwenye simu na sijui nitume ipi. Mshkaji wangu, mtu wa fegi kama 15 kwa siku kwa miaka 11, alinambia tu kimya kimya, "we, leo siku ya nne sijavuta". Meseji ya kwanza niliyoandika ilikuwa hivi: "Hongera sana kaka!! Uamuzi bora kabisa wa maisha yako, sigara inaua, sasa usirudi nyuma, tunakutegemea". Ya pili ilikuwa fupi: "Siku ya nne? Yani ya pili na ya tatu umezipita ukiwa kazini na watu wanakuzingua? Hebu nambie ulifanyaje".

Nikatuma ya pili. Zote mbili ni hongera na zote zina nia njema, ila zikishafika kwa mtu zinafanya kazi tofauti kabisa, na mi nishawahi kuwa upande wa kupokea kwahiyo nina la kusema.

Ya kwanza tuiite hongera ya matokeo, inasifia kwamba umeacha. Ya pili ni hongera ya kazi, inasifia kile ulichokifanya mpaka ukafika hapo. Mwanzoni unaweza kuona ni mchezo wa maneno tu, lakini kuna swali moja ukijiuliza kabla ya kubonyeza kutuma unaona tofauti papo hapo: huyu mtu akivuta moja jumamosi, hii hongera yangu itabaki kuwa kweli? "Umeacha sigara, hongera" haibaki, jumapili asubuhi ishakuwa uongo. "Umezipita siku tatu ngumu ukiwa kazini" inabaki, maana kilichofanyika kimefanyika, hata avute pakti nzima hakuna anayeweza kuzifuta zile siku tatu.

Na siku ya pili na ya tatu sikuzitaja kwa kubahatisha. Nikotini inatoka mwilini haraka, nusu yake inapungua kwenye damu ndani ya kama masaa mawili, ndo maana mvutaji anaihitaji tena na tena kutwa nzima. Ukiacha ghafla, arosto inapanda na kilele chake kwa wengi kiko hapo siku ya pili na ya tatu, hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, akili haitulii kwenye kitu kimoja, njaa isiyoisha. Baada ya hapo inashuka taratibu kwa wiki mbili mpaka nne. Kwahiyo mtu anayekwambia "siku ya nne" kwa sauti ya kawaida ametoka kwenye sehemu mbaya kuliko zote na hakuna mtu aliyemuona, kwa nje ulichoona wewe ni jamaa tu amenuna. Ukimtajia hizo siku anajua umeelewa. Ukimwambia "uamuzi bora wa maisha yako" unausifia uamuzi, na uamuzi ndo ilikuwa sehemu rahisi, wavutaji wanaamua kuacha kila jumapili usiku.

Afu kuna hiyo "sigara inaua". Mi nilipiga hesabu ya mshkaji, fegi 15 kwa siku mara miaka 11 ni kama fegi elfu 60, ukizigawa kwa pakti za 20 ni pakti kama 3,000. Onyo limeandikwa kwenye pakti. Huyu mtu amelifungua onyo kwa mkono wake mara 3,000, wewe ukimtumia la 3,001 na emoji ya mapafu hujamuongezea kitu, umemkumbusha tu kwamba miaka yote ulikuwa unamuona mjinga na sasa ndo unamfungulia roho. Mahubiri mengi yanaingia kwenye hongera kwa njia hii, hayaji kama mahubiri, yanajificha kwenye nusu ya pili ya sentensi. "Hongera, sasa..." Ukiona kidole chako kimeandika "sasa" baada ya hongera, simama, futa kuanzia hapo.

Hiyo "tunakutegemea" ndo iliyoniponza mimi. Mara yangu ya kwanza kuacha nilipongezwa sana, watu walifurahi kweli, kila nikikutana na mtu ni "mwamba huyu, kaacha!". Wiki ya tatu nikavuta moja. Moja tu. Na shida haikuwa ile moja, shida ilikuwa kwamba sasa nina watu kumi wa kuwaficha, nikawa navutia uchochoroni, naosha mikono, natafuna vitu vya mint, na kwa kuwa kichwani kwangu nilikuwa nishakuwa muongo, nikaona basi bora niwe mvutaji kabisa. Ndani ya wiki nilikuwa nishanunua pakti. Wanaoshughulika na mambo haya wanakijua vizuri hiki kitu: mara nyingi kinachomrudisha mtu sio nikotini ya sigara ile moja, ni yale anayojiambia baada yake, "nimeshaharibu, basi tena". Hongera yako inaweza kuwa sehemu ya hayo anayojiambia, kwa ubaya au kwa uzuri.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndo watu wengi wanakosea bila kujua. Watu wanapenda kuhesabu siku, siku 10, siku 30, na yeye mwenyewe pengine ana apu kwenye simu inamuhesabia. Sio mbaya, ila kuna hesabu za aina mbili na zinafanana kwa mbali tu. Kuna hesabu ya mfululizo, siku ngapi bila kukatika, hii ikikatika inarudi sifuri. Na kuna hesabu ya jumla, fegi ngapi hukuvuta, hii haijui kurudi nyuma.

Chukua huyu mshkaji. Siku 22 safi, siku ya 23 kagombana na mtu, kaomba fegi kwa mwenzie, kavuta mbili. Kwa hesabu ya mfululizo leo ana sifuri, yuko sawa na mtu ambaye hajawahi kujaribu, na kama hongera zako zote zilikuwa "siku 10 mwamba! siku 20 mwamba!" basi na wewe leo huna cha kumwambia, umwamba umeisha. Kwa hesabu ya jumla, siku 22 mara 15 ni fegi 330 ambazo hazijapita mapafuni, na siku ya 23 yenyewe badala ya 15 kavuta mbili, 13 nyingine hajavuta, jumla 343. Kila fegi watu huvuta kama mara kumi hivi, kwahiyo ni zaidi ya mara elfu tatu mkono ulitaka kupanda mdomoni ukazuiwa. Hiyo namba hakuna ugomvi unaoweza kuifuta. Mi nilimtumia hiyo 343 usiku ule ule, bila maelezo mengi, "343 dhidi ya 2". Akajibu baada ya nusu saa hivi, "sikuwahi kuiwaza hivo, nilikuwa niko mlangoni naenda kununua pakti".

Sisemi kwamba meseji ndo ilimzuia, pengine duka lilikuwa limefungwa, sijui. Nasema tu kwamba nilikuwa na kitu cha kumwambia, na nilikuwa nacho kwa sababu toka siku ya nne nilikuwa nasifia kazi.

Ila isiwe naonekana napiga vita hongera ya matokeo kabisa. Ina wakati wake. Mwaka ukiisha, mtu hajavuta mwaka mzima, hapo mwambie tu umeacha, umeshinda, piga kelele, maana kufika hapo hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo imeshuka mpaka kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta na mtu mwenyewe anajisikia ni mtu mwingine. Kosa ni kuipeleka hongera ya mwaka kwa mtu wa siku ya nne. Na kuna watu pia hawapendi kuulizwa-ulizwa "ulifanyaje", wao wanataka "hongera mwanangu" moja basi yaishe, mtu kama huyo mpe hiyo moja na unyamaze, usimgeuze mgonjwa wako.

Kwa anayetaka kuona pembeni kwa pembeni, hizi ni meseji ambazo mi ningezilinganisha hivi:

| Hali | Hongera ya matokeo | Hongera ya kazi |
|---|---|---|
| Siku ya 4 | "Umeacha! Safi, usirudi tena" | "Zile tatu za mwanzo umezipita, duh. Ipi ilikuwa mbaya zaidi?" |
| Wiki ya 2, kanuna | "Vumilia, faida utaziona" | "Leo umekuja pamoja na hasira zako, nimeona, poa tu" |
| Kavuta moja | "Aah jamani, ulikuwa unaenda vizuri" | "Moja. Na zile ulizozikataa wiki hii ni ngapi?" |
| Mwaka | "Umeacha mzee, umeshinda" | Hapa ya kushoto ndo nzuri |

Angalia hiyo ya tatu upande wa kushoto, "ulikuwa unaenda vizuri". Watu wazuri kabisa wanaiandika hii, wanadhani wanamfariji. Lakini hiyo "ulikuwa" imefunga jeneza, imeshamwambia safari imeisha. Ukiondoa neno hilo moja tu, "unaenda vizuri", imekuwa meseji nyingine.

Ulinganisho wa pili ni wapi uipeleke, kwenye grupu au inboksi. Hapa sina mzani, mi ni inboksi mpaka yeye mwenyewe aseme. Ukiweka kwenye grupu au kwenye stetasi, "jamani tumpongeze fulani kaacha fegi", umempa furaha ya dakika kumi na umempa walinzi arobaini wasioajiriwa. Kuanzia hapo akionekana amesimama karibu na anayevuta kuna mtu atauliza. Na akiteleza hatalisema grupu, na wewe uliyeanzisha ndo atakukwepa wa kwanza. Wanaosema kutangaza kunasaidia kumbana mtu wana hoja, kweli kuna wanaotaka kubanwa hivyo, lakini hiyo kamba mtu anajifunga mwenyewe, akiposti yeye we nenda kapige shangwe kwenye komenti. Usimfungie wewe.

Hapo hapo kuna swali la kufuatilia, maana hongera haiishii siku moja. "Bado hujavuta?" na "leo ilikuwaje?" Ya kwanza ina jibu ndio au hapana, ni ukaguzi, na mtu akiwa amevuta anayo njia moja tu ya kubaki na heshima yake nayo ni kudanganya. Ya pili unaweza kuijibu hata kama umevuta. Mi nilikuwa namuuliza ile ya pili, tena sio kila siku, na mara nyingine jibu lilikuwa halihusiani na fegi kabisa, alikuwa ananilalamikia bosi wake dakika ishirini, sawa tu, hizo dakika ishirini zamani alikuwa anazimaliza na fegi mbili. Hamu ya sigara yenyewe inakuja kama wimbi, inapanda dakika chache kisha inashuka uvute usivute, kwahiyo mtu wa kulalamikiana naye ndani ya hizo dakika chache ana thamani kuliko zawadi yoyote utakayobeba.

Zawadi nazo watu huuliza. Mi nazilinganisha haraka haraka tu, kitu cha kushika mkononi kinashinda kitu cha kuning'iniza ukutani. Mkono uliozoea kupanda mara 150 kwa siku hauna kazi ghafla, umpe kitu cha kuchezea, bigijii, kalamu ya kubonyeza-bonyeza, chochote. Kikombe kilichoandikwa "mimi sio mvutaji tena" kiache dukani, kwa sababu ile ile, akivuta moja jumamosi kinakuwa uongo. Na ukitaka kumtoa kwa kahawa kumpongeza, jua tu kwamba moshi wa sigara ulikuwa unafanya mwili wake uivunje kafeini haraka, sasa moshi haupo, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, vikombe vile vile alivyozoea vinaweza kumpa mapigo ya moyo na wasiwasi na kumnyima usingizi, na yeye atadhani ni arosto. Kikombe kimoja kinatosha, au mtembee tu. Tena kwa wengi kahawa na fegi vilikuwa mapacha, kumkalisha na kahawa siku ya tano ni kama kumpeleka mlangoni kwa ex wake.

Kuna maneno mawili matatu ambayo yanajifanya hongera na sio hongera. "Umenenepa, inaonekana umeacha kweli!" Wengi wanaongezeka uzito, kwa wastani kilo nne au tano mwaka wa kwanza, na hofu ya hiyo kilo ni moja ya vitu vinavyowarudisha watu kwenye fegi, kwahiyo hata kama umesema kwa kumsifia umegusa kidonda. Sema amechangamka, sema amepanda ngazi bila kupumzika kama umeona kweli, au usiseme kitu kuhusu mwili. Pia akikohoa zaidi wiki za mwanzo usimtanie kwamba kuacha kumemuharibu, vile vinyweleo vya njia ya hewa vinaanza kufanya kazi tena vinasukuma uchafu nje, kikohozi kinaweza kuongezeka kwa muda kabla hakijapungua.

La pili ni "umeacha bila hata dawa, mwanaume kweli kweli". Inasikika kama sifa ya kazi, nilikuwa natumia hii zamani. Lakini fikiria mwezi ujao anashindwa na anataka kujaribu plasta za nikotini, au anazo tayari chini ya shati na hajakwambia. Umeshamwambia wenye plasta ni wadhaifu. Wakati plasta na bigijii za nikotini zinaongeza uwezekano wa mtu kuacha na kudumu kwa kama asilimia 50 hadi 60 ukilinganisha na asiyetumia kitu, na anayekwenda bila msaada wowote kwa jaribio moja ana nafasi ndogo sana, wanaofika miezi sita ni wachache mno. Akikwambia anatumia plasta, hongera yake ni ile ile, kazi ni ile ile, "umeenda kutafuta na kitu cha kukusaidia, hapo umecheza". Na akiwa wiki zinapita bado kaporomoka kabisa moyoni, hataki kutoka, hataki kula, hapo sio suala la meseji tena, msindikize kwa daktari au nesi, na kama ana vidonge vingine anatumia awaambie kwamba kaacha sigara, maana dozi za baadhi ya dawa zinabidi zirekebishwe.

Swali la mwisho nililoulizwa na mtu: je kama mi mwenyewe bado navuta, nina uso gani wa kumpongeza? Mbona hongera yako ndo ina uzito kuliko zote, we unajua hiyo siku ya tatu inaonja vipi. Ila linganisha hizi mbili. "Hongera, mi siwezi kabisa, we una roho ngumu" inamfanya akufariji wewe na inampa picha kwamba ni kitu cha watu maalum. "Hongera, nikiwa na wewe siwashi, na nikiwa nayo mfukoni ukiniomba nitakwambia sina" ni hongera yenye kazi ndani yake, na ya kwako pia. Mwambie mapema na mkubaliane, sio siku ameomba ndo uanze kumhutubia, maana ataomba, wengi huomba, na akiomba unasema tu "sina" mnaendelea na stori.

Mshkaji sasa ana miezi minane, kati hapo kateleza mara mbili na mara zote kaniambia mwenyewe kabla sijauliza. Juzi nilimuandikia namba mpya ya jumla nikiwa nimepiga hesabu kwa kalkuleta na nimetoa zile alizovuta, ikatoka 3,600 na kitu. Akanisahihisha, kumbe nilikuwa nimesahau kutoa moja.